Eka tatu za babu, mikarafuu ya kaka, na jembe la Mwalimu Nyerere

"Assalamu alaykum, mwalimu. Babu yetu alipewa eka tatu hapa Pemba baada ya Mapinduzi, na ndani mlikuwa na mikarafuu mikongwe. Baba na ami zetu wote wameshafariki. Kaka yangu amelihudumia shamba zaidi ya miaka ishirini, kapanda mikarafuu arubaini na sasa inazaa. Mtoto wa ami yetu karudi kutoka Maskati anataka fungu lake. Zamani alikuwa akituma pesa za vibarua wa kupalilia, kisha akaacha. Kaka anasema Nyerere kafundisha kwamba ardhi ni ya anayeitolea jasho. Mwenzake anamjibu kwamba Ujamaa ni jamaa, na jamaa hawanyimani. Shangazi yetu yuhai, wala hakuna aliyemuuliza. Mimi ndiye nisomaye chuo, basi nimetakiwa niamue: nani anamsema Nyerere kwa haki?"

Wa alaykumu salam, mwanangu. Kila mmoja wao kashika neno la kweli, kisha kalikata pale lilipoanza kumbana yeye mwenyewe. Tuanze na kaka yako, maana neno lake ndilo la zamani zaidi.

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni kule Tanganyika ilikuwa na mpango wa kuwaruhusu Waafrika wamiliki ardhi kwa hati ya milele, yaani mtu aweze kuiuza na kuiweka rehani kama anavyouza baiskeli. Nyerere akaupinga kwa andiko alilolipa jina la Mali ya Taifa. Hoja yake ilikuwa hivi. Ardhi ni kipawa cha Mungu, hakuna mtu aliyeitengeneza. Nikilifyeka pori, nguvu nilizotumia ni zangu, na kwa kufyeka nimeiongezea ardhi thamani. Kwa hiyo nina haki juu ya kile nilichokiongeza. Lakini ardhi yenyewe haijawa yangu. Kilicho changu ni ule ufyekaji, nacho kitabaki changu maadamu naendelea kukifanyia kazi. Nikikiacha, haki yangu imekwisha, na mwengine aweza kuja kulima.

Sasa msikilize tena kaka yako: "ardhi ni ya anayeitolea jasho." Nyerere hakusema hivyo. Kasema ardhi si ya mtu, na anayeitolea jasho ana haki ya kuitumia. Tofauti yaonekana ndogo, ila kesi yenu nzima imo humo. Mwenye haki ya kutumia hawezi kumwambia mwenzake "toka kwangu". Awezacho kumwambia ni "usiing'oe kazi yangu". Naye akichoka au akifa, hana cha kuuza ila ile kazi.

Miaka minne baadaye, katika kijitabu cha Ujamaa cha Aprili 1962, alirudi kwenye jambo hilo kwa dhihaka. Tuseme mtu kajitwalia maili kadhaa za ardhi, kaziita zake, kisha kapaa zake mwezini. Huku nyuma watu wanazitumia na wanamlipa kodi. Mji unakua, bei ya ardhi inapanda, na yeye aliyekaa mwezini anarudi kuchukua faida ambayo hakuitolea hata tone la jasho. Mtu wa namna hiyo Nyerere kamweka fungu moja na mzururaji. Mwaka uliofuata serikali yake ikazigeuza hati za milele za Tanganyika kuwa za kupangishwa na serikali kwa muda wa miaka 99. Naona mtoto wa ami yako angeulizwa kwanza kama Maskati alikuwa mwezini au alikuwa kazini. Tutalirudia.

Upande wake yeye nao una mashiko. Katika kijitabu hicho hicho Nyerere anaeleza kwa nini mtu wa jamii ya zamani hakuwa na haja ya kujilimbikizia mali. Sababu aliyotoa haihusu wema wa moyo, inahusu hofu. Mtu hulimbikiza kwa kuwa anaogopa uzee, maradhi, na watoto kubaki mayatima. Jamii ikikuhakikishia kwamba siku ya shida utakula, hofu inapungua, na tamaa inapungua pamoja nayo. Hata mzee aliyeonekana kakaa barazani hafanyi kitu, asema Nyerere, alikwisha kufanya kazi ujanani, na mali iliyo chini ya mkono wake si yake binafsi. Yeye ni mlinzi wa mali iliyochumwa na kundi zima, na heshima anayopewa ni ya umri wake na ya kuitumikia jamii yake kwa muda mrefu zaidi.

Hapo ndipo inapokuja ile methali aliyoipenda: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. (Huku kwetu wapo wanaomvumilia hadi siku ya nne, lakini jembe halimkosi.) Watu wengi huisoma kama karipio kwa mvivu. Isome tena. Anayepewa jembe huonyeshwa na pa kulima, ama sivyo jembe ni la nini? Kwa hiyo methali ina wajibu kwa pande mbili: mgeni afanye kazi, na wenyeji wampe nafasi ya kuifanya. Huwezi kumlaumu mtu kwamba halimi hali umemfungia kila kipande. Ndani ya fikra hii mali, kazi na wajibu wa kutunzana vimeshikana mikono mitatu. Ukitoa kimoja, viwili vilivyobaki vinageuka kitu chengine. Kazi bila ya kutunzana ni ubepari wa kawaida, na kutunzana bila ya kazi ni unyonyaji wa jamaa, yule ndugu mwenye afya anayekuja kula kila mavuno na panga lake halijui palipo shamba.

Neno "jamaa" nalo limewapoteza wote wawili. Nyerere alilichukua kutoka nyumbani, ila hakukusudia libaki nyumbani. Kaandika wazi kwamba duara la jamaa lazima lipanuke, lipite ukoo, lipite kabila, lipite hata bara, mpaka limfikie kila mwanadamu. Hivyo mtoto wa ami anayesema "mimi ni damu, nipeni" anatumia neno la Ujamaa kudai jambo la urithi. Urithi una haki yake, tena kubwa, lakini chimbuko lake si kijitabu cha 1962. Kwa mizani ya Nyerere, jirani asiye na shamba ambaye hamna nasaba naye angeweza kuwa na dai zito kuliko mjukuu mwenye nyumba mbili Maskati.

Mpaka hapa nimekuwa nikimtetea Mwalimu. Sasa niseme pale ambapo, kwa maoni yangu, fikra yake inapata taabu ikivuka bahari kuja Pemba. Taabu hiyo inaitwa mkarafuu.

Hoja ya 1958 inamfikiria mkulima wa jembe anayefyeka, anapanda mtama au mahindi, anavuna, na baada ya misimu michache anahama ardhi ipumzike. Kwa mkulima huyo "kutumia" kuna mwanzo na mwisho, na akihama kila mtu anamuona kahama. Mkarafuu hauko hivyo. Unaupanda leo, unauhudumia miaka sita au minane ndipo uanze kukupa karafuu za maana, na ukitunzwa unaweza kuwapa wajukuu zako. Jasho la miaka minane linalipwa kwa miaka khamsini au zaidi. Sasa mwenye mti akiondoka mwaka wa ishirini, je, ameacha kutumia? Mti unaendelea kuzaa, na jasho lake bado limo ndani yake.

Wazee wetu waliliona hilo kabla ya siasa ya aina yoyote, wakatenga mti na ardhi. Visiwani ni jambo la kawaida mtu kumiliki minazi au mikarafuu iliyosimama kwenye ardhi ya mwengine. Ndiyo sababu mtu aliyeruhusiwa kulima chini ya miti ya mwenzake aliruhusiwa mihogo na viazi, akakatazwa mti wa kudumu. Muhogo unang'olewa na mambo yamekwisha. Mti ni dai. Bibi yangu alikuwa na minazi mitatu katika shamba ambalo hakuwa na haki hata ya kufunga mbuzi, na kila mwangusi alipokuja, fungu lake lilitengwa pembeni bila ya maneno. Kwa hiyo desturi yetu inaafikiana na Nyerere kwamba jasho huzaa haki, ila inampinga kwamba haki hiyo hufa mtu anapoacha kulima. Kwetu hukaa mtini, na kwa njia ya mti hurithiwa.

Kuna na la pili, nalo ni la historia. Nyerere alijenga hoja yake juu ya picha ya jamii ya zamani ambamo kila mtu alikuwa mfanyakazi na hakukuwa na tabaka la kunyonya. Picha hiyo haikai sawasawa juu ya shamba la karafuu. Miti hii ilienea visiwani katika karne ya 19 kwa kazi ya watumwa. Kimbunga cha 1872 kilipoiangusha ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo ghala. Utumwa haukufutwa kisheria hapa mpaka 1897, na hata baada ya hapo wengi walibaki katika mashamba yale yale wakilima chini ya miti ya wengine. Kwa hiyo ukiuliza jasho lililomo katika mikarafuu mikongwe ya babu yenu ni la nani, jibu si babu yenu, na yumkini si yule aliyekuwa na shamba kabla yake. Ni la watu ambao majina yao hayamo katika hati yoyote.

Abdulrahman Babu, mwanasiasa na Mzanzibari mwenzetu, alimkosoa Nyerere kutoka upande huu: kwamba ujamaa wa asili ulikuwa ni kugawana uchache, na kwamba huwezi kuyafuta matabaka kwa kuwakumbusha watu undugu bila ya kubadilisha namna wanavyozalisha. Mimi sikubaliani na Babu kwa kila kitu, lakini hapo pana ukweli.

Tena jambo la ajabu, eka tatu zenyewe hazikutoka katika mkoba wa Ujamaa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Karume ilitangaza Machi mwaka huo kwamba ardhi yote ni ya umma, na tangu Novemba 1965, kuanzia Dole kule Unguja, ikaanza kuyakata mashamba makubwa na kuyagawa eka tatu tatu kwa familia. Tazama tofauti. Bara, hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, wakulima walihimizwa na mwishowe wengi wakalazimishwa kukaa pamoja vijijini, na wengine walime shamba moja la pamoja. Huku shamba moja kubwa lilivunjwa likawa vipande vya kila mmoja na chake. Karume alianzia kwenye kisasi cha haki: aliyekuwa hana, apate. Nyerere alianzia kwenye swali la namna ya kuishi baada ya kupata. Wanakutana mahali pamoja tu, nalo ndilo linalokuhusu: kwa wote wawili ardhi yenyewe si bidhaa ya mtu. Babu yenu alipewa alime, hakupewa auze.

Haya, tuliweke shamba lenu mezani na tulipime kwa Ujamaa peke yake, kama vile hakuna sheria wala faraidh.

Ardhi ya eka tatu: si ya kaka wala ya mtoto wa ami. Ni ya umma, nanyi ni watumiaji.

Mikarafuu mikongwe: hakuna hata mmoja wenu aliyeipanda, na babu pia hakuipanda. Alichofanya ni kuipalilia na kuichuma. Hii ndiyo mali ambayo Nyerere angeiweka chini ya mlinzi. Mavuno yake yangekwenda kwanza kwa asiyejiweza katika ukoo, na mtu wa kwanza ninayemuona hapo ni shangazi yenu.

Mikarafuu arubaini mipya: jasho la kaka yako limo, hilo halina ubishi, na mizani ya 1958 inampa. Lakini kaka aitimize hiyo mizani mpaka mwisho. Pesa zilizolipa vibarua wa kupalilia miaka ile ya mwanzo, miche ilipokuwa michanga na magugu yanaweza kuiua, zilitoka Maskati. Aliyekuwa akizituma alikuwa kazini, hakuwa mwezini. Sitasema pesa zake ni sawa na miaka ishirini ya kuamka alfajiri, ila si sifuri. Na kila msimu nani hupanda juu ya hiyo miti? Kama shamba lenu ni kama mengine, ni wachumaji wanaolipwa kwa pishi. Nyerere katika andiko lake la 1967 juu ya ujamaa vijijini alionya hasa juu ya hili: mkulima anayeanza kuajiri wenzake, mmoja akawa mwenye shamba na mwengine akawa kibarua wa maisha. Kaka yako akilisimamisha dai lake juu ya jasho, mchumaji naye ana jasho, tena la hatari, la kwenye tawi. Dai la jasho halina breki pale unapotaka lisimame.

Na usiku karafuu zikiletwa, nani hukaa juu ya jamvi kuzitenga na makonyo? Nakumbuka vidole vya mama yangu na dada zangu katika msimu, na baba kalala. Azimio la Arusha lenyewe lilikiri kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku ilhali wanaume wengi wapo likizo nusu ya maisha yao. Kama shangazi yenu alichambua karafuu za shamba lile ujanani mwake, basi anaingia kwa milango miwili: wa mzee anayestahili kutunzwa na wa mfanyakazi ambaye kazi yake haikuhesabiwa. Nashangaa kwamba ndugu wawili wanabishana juu ya Ujamaa na mtu pekee ambaye Ujamaa unampa dai lisilo na doa hakuulizwa.

Kwa hiyo ukinilazimisha nichague, kaka yako yuko karibu zaidi na Nyerere wa 1958 na mwenzake yuko karibu zaidi na Nyerere wa 1962, ila kila mmoja anakwepa nusu inayomdai. Ningelikuwa mzee wenu, ningependekeza kaka abaki mshika shamba na mavuno ya mikarafuu mipya yawe yake kwa sehemu kubwa. Mtoto wa ami akubaliwe fungu linalolingana na pesa alizotuma, na kama anataka zaidi ashike jembe: pengo za miti iliyokufa zipo, apande yake. Mikongwe iwe ya shangazi maisha yake yote. Huu ni ushauri wa fikra. Hukumu siwezi kuitoa mimi.

Maana ukweli ni kwamba hamwishi ndani ya kijitabu. Azimio la Arusha lilikuwa la TANU, na visiwani chama kilikuwa ASP mpaka vyama viliungana mwaka 1977. Na masharti ya uongozi ya Azimio, yale yaliyomkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha au mishahara miwili, yalilegezwa mwaka 1991 katika kikao kilichofanyika Unguja, ndiyo watu wakakiita Azimio la Zanzibar. Anayeingia mbele ya hakimu na hoja ya "Nyerere kasema" atasikilizwa kwa adabu kisha ataulizwa karatasi.

Basi anzeni na karatasi. Itafuteni ile aliyopewa babu yenu, muisome masharti yake kabla ya kugawa chochote, kwa sababu eka tatu zilitolewa kwa masharti yake na hazifanani na kiambo cha ukoo au shamba la kununua. Ikiwa imepotea, nendeni kwa sheha pamoja na mzee mmoja wa jirani anayeikumbuka mipaka, kisha ofisi ya ardhi Pemba. Haki ya matumizi ya ardhi hivi leo inaongozwa na Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya 1992, na mgogoro ukishindikana nyumbani una mahakama yake ya ardhi. Msikubali mtu akate eka tatu hizo vipande kwa kamba na mashahidi wawili tu, kwani mkataba wa namna hiyo huonekana mzuri mpaka siku mmoja wenu anapotaka kuuza.

La mirathi ni la kadhi, wala mimi sitaligusa ila kwa jambo moja la kumpelekea: andikeni nani alikufa kabla ya nani. Kama baba yako alitangulia kufa babu akiwa hai, na ami zako walikuwapo babu alipofariki, hali yako wewe na kaka yako katika mirathi si ile mnayoidhania, kwa kuwa mtoto wa kiume humzuia mjukuu. Kama babu ndiye aliyetangulia, mafungu yanapita kwa baba zenu kwanza ndipo yawafikie nyinyi. Shangazi yenu ni binti wa marehemu, fungu lake halitegemei alikuwa Wete au Maskati. Kadhi pia atataka kujua kama mikarafuu mipya ilipandwa kwa idhini ya wenziwe waliobaki au kimyakimya, na hilo kaka yako ajiandae kulijibu kwa ushahidi.

Kabla ya hayo yote, nenda kwa shangazi. Usimpelekee Nyerere. Muulize tu ni miti mingapi aliikuta siku babu alipolipokea shamba, na ipi kati yake bado imesimama. Huenda hapo ndipo utapopata hesabu ambayo haimo katika karatasi ya mtu.